Masuala muhimu ya ukaguzi: maswali ninayoulizwa na wenye hisa wa Unguja na Pemba

Ripoti za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zinapoanza kutoka, simu yangu huanza kulia. Wanaonipigia ni jamaa na majirani walionunua hisa zilipouzwa kwa umma, wengine za NMB mwaka 2008, wengine za CRDB mwaka uliofuata, wengine za Vodacom mwaka 2017. Wote hukwama mahali pamoja: kurasa mbili tatu ndani ya ripoti ya mkaguzi zenye kichwa cha "masuala muhimu ya ukaguzi". Nimefanya kazi ya ukaguzi miaka mingi, na nimeshika kalamu mimi mwenyewe kuyaandika masuala hayo. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila msimu. Karibu yote nayajibu kwa kampuni moja ya hoteli niliyoitunga, kwa sababu hesabu za hoteli za visiwani zinaonesha vizuri mkaguzi anavyochagua na anavyoandika.

Nimeona ripoti ina "masuala muhimu". Kwani kampuni imeharibikiwa? Niuze?

Hapana. Ami yangu mmoja wa Malindi alikaribia kuuza hisa zake zote kwa sababu hiyo hiyo, na nilimwambia ninachokwambia wewe: tazama kwanza aya ya maoni, iliyo mwanzo kabisa wa ripoti. Kama imeandikwa kwamba hesabu zinaonesha hali ya kweli na ya haki, kampuni imepata hati safi, na masuala yanayofuata hayaipunguzi hati hiyo hata kidogo.

Suala muhimu la ukaguzi ni jambo ambalo mkaguzi, kwa uamuzi wake wa kitaaluma, aliliona kuwa na uzito kuliko mengine katika kazi ya mwaka ule. Kwa maneno ya kawaida, ni pale alipotoka jasho: pale palipohitaji watu wake wazoefu, wataalamu wa nje na vikao virefu na kamati ya ukaguzi ya bodi. Anakueleza kazi ilikuwa ngumu wapi na aliifanya vipi. Kampuni nzuri kabisa huwa na masuala hayo, kwa sababu kila kampuni kubwa ina tarakimu ambazo hazihesabiki kwa vidole na lazima zikisiwe.

Sheria hii imetoka wapi?

Imetoka kwenye kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kiitwacho ISA 701. Kilitolewa mwaka 2015, kikaanza kutumika kwa hesabu za miaka inayoishia tarehe 15 Desemba 2016 au baada yake. Tanzania inafuata viwango hivyo kupitia NBAA, bodi inayosimamia wahasibu na wakaguzi. Kabla ya hapo ripoti za wakaguzi zilifanana kama mapacha: ukibadilisha jina la kampuni na tarehe, ya saruji ilikuwa ya benki. Msomaji alipata ndiyo au hapana, basi.

Mkaguzi anachagua vipi? Anaokota tu?

Haokoti. Kuna njia ya hatua tatu, na kila hatua inapunguza idadi. Anaanza na mambo yote aliyoyafikisha kwa bodi au kamati yake ya ukaguzi katika mwaka. Jambo ambalo hakulizungumza nao haliwezi kuwa suala muhimu. Kati ya hayo anatoa yale yaliyochukua umakini mkubwa wa kazi yake, na kati ya hayo tena anabakiza machache yaliyokuwa na uzito kuliko yote.

Katika hatua ya pili kiwango kinamtaka aangalie mambo matatu hasa. La kwanza ni maeneo aliyoyaona tangu mwanzo kuwa na hatari kubwa ya kosa. La pili ni yale yaliyotegemea sana maamuzi ya menejimenti, hasa makisio yenye shaka kubwa. La tatu ni matukio au miamala mikubwa ya mwaka ule iliyobadilisha ukaguzi. Hatua ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu haina kipimo cha rula: ni uamuzi, na unalinganisha jambo moja na jenzake ndani ya ukaguzi ule ule wa kampuni ile ile.

Tupe mfano wa kuchuja huko.

Tuseme kuna kampuni iliyoorodheshwa yenye hoteli tatu za pwani: moja Nungwi, moja Paje na moja kaskazini ya Pemba. Faida yake kabla ya kodi ni shilingi bilioni 18. Mkaguzi ameweka kiwango cha umuhimu kuwa asilimia 5 ya faida hiyo, yaani shilingi milioni 900. Kosa linalofikia hapo linaweza kumpotosha msomaji wa hesabu.

Mwisho wa mwaka, orodha ya mambo aliyoyafikisha kwa kamati ya ukaguzi ina mambo 11. Mengi ni ya kawaida: funguo za mfumo wa kompyuta walizopewa watu wengi mno, hesabu ya vyakula vya ghala iliyochelewa, na hatari ambayo viwango vinadai ichukuliwe kuwepo kila mahali, kwamba wakubwa wa kampuni wanaweza kuruka taratibu walizoziweka wenyewe. Hatari hii ya mwisho ni nzito na mkaguzi huifanyia kazi kila mwaka. Lakini kama kazi ilikwenda bila tatizo na haikumvuta kuliko mengine, haiingii. Wasomaji wengi, na hata wakaguzi wachanga, hudhani kila hatari kubwa lazima iandikwe. Si lazima.

Baada ya hatua ya pili yamebaki manne: thamani ya hoteli ya Pemba, mfumo mpya wa kupokea wageni ulioanza kutumika katikati ya mwaka, mgogoro wa kodi wa shilingi bilioni 1.1, na mkopo kutoka kampuni mama.

Mgogoro wa kodi unazidi kiwango cha umuhimu, na mtu angesema huo hauwezi kuachwa. Lakini ulimalizika kwa makubaliano ya maandishi kabla mkaguzi hajasaini, kilichobaki ni kuhakikisha kiasi kimeingizwa vitabuni, na kazi hiyo ilichukua siku mbili. Mkopo wa kampuni mama ulikuwa na mkataba ulionyooka. Yote mawili yakatoka. Ukubwa wa pesa peke yake hauamui. Kinachoamua ni kazi na ugumu wa uamuzi uliohitajika.

Yakabaki mawili, na moja ndilo nitakalolifungua hadi ndani.

Kwa nini hoteli ya Pemba?

Kwa sababu hoteli ile ina wageni wachache kuliko ilivyotarajiwa, na hiyo ni dalili kwamba thamani iliyoko vitabuni inaweza kuwa kubwa kuliko inavyostahiki. Kiwango cha uhasibu kinasema ikiwepo dalili kama hiyo, kampuni lazima ipime. Inalinganisha thamani ya vitabuni na kiasi ambacho mali ile inaweza kurejesha, ama kwa kuuzwa ama kwa kuendelea kutumika. Ikionekana kiasi hicho ni kidogo, tofauti inakuwa hasara ya mwaka.

Vitabuni hoteli iko kwa shilingi bilioni 40. Menejimenti ikakisia pesa itakazoingiza, baada ya matumizi, kwa miaka mitano: bilioni 2, kisha 3, kisha 4.5, kisha 6, kisha 7. Baada ya hapo wakachukulia kwamba zitakua kwa asilimia 4 kila mwaka, milele. Pesa ya kesho haina thamani ya pesa ya leo, kwa hiyo wakairudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 16. Wakapata bilioni 42.4. Zaidi ya 40. Wakasema: hakuna hasara.

Mkaguzi aliyekaa na karatasi hiyo anaona mambo matatu.

Kwanza, katika bilioni 42.4, karibu bilioni 29 zinatoka baada ya mwaka wa tano. Zaidi ya theluthi mbili ya thamani imesimama juu ya miaka ambayo hakuna anayeiona. Pili, akipandisha kiwango cha punguzo kutoka asilimia 16 hadi 17, jumla inashuka hadi bilioni 38.65 hivi, na ile ziada ya bilioni 2.4 inageuka upungufu wa bilioni 1.35 hivi, ambao unapita kiwango cha umuhimu. Pointi moja tu, na jibu linageuka.

La tatu ndilo linalonifanya nipende mfano huu. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na hoteli zetu za pwani zimesimama juu ya ardhi ya kukodi. Mkataba wa hoteli ile umebakiza miaka 27. Una kifungu cha kuomba kuongezewa muda, lakini kuomba si kupewa. Basi ule "milele" wa menejimenti umetoka wapi? Mkaguzi akiikata hesabu mwisho wa mwaka wa 27, kwa kiwango kile kile cha asilimia 16, anapata bilioni 39.75. Ziada yote imekwisha, na kuna upungufu wa shilingi milioni 250 hivi.

Mtu aliyefundishwa kwa vitabu vya nchi ambako jengo na ardhi yake humilikiwa pamoja anaweza kulipita jambo hili bila kulishtukia. Nimewahi kuona karatasi za namna hiyo zikipitishwa na watu wazuri. Ndiyo maana nasema suala muhimu halitoki kwenye orodha ya kampuni ya ukaguzi. Linatoka kwenye mali yenyewe, mahali ilipo.

Mkaguzi alifanya nini juu ya hilo?

Alisoma mkataba wa ardhi wenyewe, si muhtasari wake. Akauliza ushahidi wa kuongezewa muda, akakuta hakuna barua wala makubaliano. Akachukua makisio ya wageni ya miaka mitatu iliyopita akayaweka kando ya yaliyotokea: kila mwaka menejimenti ilikisia juu kuliko ilivyopata. Hiyo ni mizani nzuri sana, na ni rahisi, kwa sababu mkisiaji huonekana kwa makisio yake ya jana. Akaleta mtaalamu wa tathmini kupima kile kiwango cha punguzo. Mwisho akakaa na kamati ya ukaguzi, na baada ya vikao viwili kampuni ikakubali kuikata hesabu mwishoni mwa mkataba na kuingiza hasara ya milioni 250.

Utasema: milioni 250 ni ndogo kuliko milioni 900, kwa hiyo mbona suala kubwa? Kwa sababu hesabu mpya nayo hutikisika kwa urahisi. Kwa miaka 27 na punguzo la asilimia 17, hasara ingekuwa bilioni 3.3 hivi. Kosa lililopatikana lilikuwa dogo, lakini shaka iliyobaki ni kubwa, na shaka hiyo ndiyo mwenye hisa anayostahiki kuijua.

Haya, sasa anaandika vipi?

Kiwango kinadai mambo matatu kwa kila suala: kwa nini lilionekana zito kuliko mengine, lilishughulikiwa vipi katika ukaguzi, na rejea ya maelezo ya hesabu ambapo kampuni yenyewe imeliongelea, kama yapo. Juu ya sehemu nzima kuna aya ya utangulizi inayosema kwamba masuala haya yalishughulikiwa ndani ya ukaguzi wa hesabu zote kwa jumla, na kwamba mkaguzi hatoi maoni ya peke yake juu ya kila moja.

Nikuoneshe kwanza rasimu mbaya, ya aina ninayoiona mara nyingi:

*"Thamani ya majengo na mitambo. Kampuni ina majengo na mitambo yenye thamani kubwa. Kupima upungufu wa thamani kunahitaji maamuzi ya menejimenti. Tulipitia makisio, tulijaribu udhibiti wa ndani, tulitathmini vigezo vilivyotumika, na tumeridhika kwamba thamani iliyooneshwa ni sahihi."*

Hakuna uongo humo, lakini hakuna habari pia. Ukilibandika kwenye ripoti ya kiwanda cha sukari litakaa. Halisemi mali ipi, halisemi shaka iko wapi, halitaji maelezo namba ngapi. Na yale maneno ya mwisho ni kosa la kitaaluma: "tumeridhika kwamba thamani ni sahihi" ni kutoa maoni ya peke yake juu ya tarakimu moja, jambo ambalo aya ya utangulizi imeshasema halifanyiki. Msomaji atadhani bilioni zile zimepigwa muhuri.

Sasa ile niliyoridhika nayo:

*"Thamani ya hoteli ya Pemba (maelezo namba 14). Hoteli hii imepata wageni wachache kuliko makisio kwa miaka mitatu mfululizo, na imesimama juu ya ardhi ya kukodi yenye miaka 27 iliyobaki. Kiasi inachoweza kurejesha kinategemea sana matarajio ya wageni, kiwango cha punguzo, na kama mkataba wa ardhi utaongezwa. Mabadiliko madogo ya vigezo hivi yangebadilisha hasara kwa kiasi kikubwa, kama maelezo namba 14 yanavyoonesha. Kwa hiyo tuliliona kuwa suala muhimu.*

*Tulisoma mkataba wa ardhi na kupima kama ushahidi uliopo unaruhusu kuhesabu mapato baada ya muda wake. Tulilinganisha makisio ya wageni ya miaka iliyopita na yaliyotokea. Kwa msaada wa mtaalamu wetu wa tathmini, tulikokotoa upya kiwango cha punguzo. Tuliangalia pia kama maelezo namba 14 yanaeleza vya kutosha vigezo hivi na athari za kubadilika kwake."*

Tazama kazi ilivyofungwa na sababu. Sababu imetaja vitu vitatu, wageni, punguzo na ardhi, na kila kimoja kimejibiwa na kazi yake. Nikihakiki rasimu za vijana huwa naweka kidole kwenye kila sababu na kutafuta jibu lake chini. Sababu isiyo na kazi, au kazi isiyo na sababu, narudisha.

Kwa nini hakusema matokeo? Mimi ndicho ninachotaka kujua.

Anaruhusiwa kusema. Kiwango kinamwachia nafasi ya kutaja matokeo ya kazi au alichokigundua, ila halazimishwi, na wengi wanakwepa kwa kuogopa neno litakalosomeka kama maoni ya peke yake. Mimi naona woga huo umezidi. Mkaguzi angeweza kuandika kwamba makisio ya wageni yako upande wa matumaini ukilinganisha na historia, lakini ndani ya mipaka inayokubalika. Hapo hajatoa hati mpya, ametoa habari. Ukikuta ripoti inayosema hivyo, ithamini.

Kisichoruhusiwa ni kuandika kana kwamba suala halijamalizika. Kama mkaguzi angeliacha bila kulimaliza, njia yake ingekuwa kutoa hati yenye shaka, si kuliweka kwenye sehemu hii.

Mbona halikutajwa kwamba hesabu ya kwanza ya menejimenti ilikataliwa?

Swali hili aliniuliza mwalimu mmoja wa skuli wa Chake Chake, na ni swali kali. Mkaguzi ana amana ya siri za mteja, na mazungumzo ya ndani kabla ya hesabu kukamilika kwa kawaida hayatolewi. Zaidi ya hapo, kutoa habari za kampuni ni kazi ya kampuni. Mkaguzi anajaribu asiwe yeye wa kwanza kutangaza jambo ambalo kampuni haijalisema. Akiona habari fulani inahitajika ili suala lake lieleweke, kama ile miaka 27, anawaomba wenyewe waiweke kwenye maelezo ya hesabu. Katika mfano wetu, rasimu ya kwanza ya maelezo namba 14 haikutaja kabisa muda wa ardhi. Iliingia kwa sababu mkaguzi aliwaonesha aya aliyokusudia kuiandika.

Hii ni faida kubwa ya masuala haya na haionekani kwa nje: kampuni ikijua mkaguzi ataandika, maelezo yake yenyewe hunyooka. Wakikataa, mkaguzi bado anaweza kuandika anachoona ni lazima.

Je, anaweza kulificha suala kabisa?

Njia ni mbili tu na zote ni nyembamba. Ama sheria inakataza kulitangaza, ama, katika hali ya nadra sana, madhara ya kulitangaza yanategemewa kuzidi faida kwa umma. Hii ya pili haitumiki kama kampuni yenyewe imeshalitangaza jambo. "Menejimenti haikupenda" si sababu.

Tofauti na "msisitizo wa jambo" ni ipi? Na shaka ya kampuni kuendelea kuishi?

Msisitizo wa jambo ni aya inayokuelekeza kwenye kitu ambacho kampuni imeshakieleza na ambacho ni cha msingi kwa kuelewa hesabu. Haielezi kazi ya mkaguzi. Jambo likishakuwa suala muhimu la ukaguzi, halishushwi likawa msisitizo ili liandikwe kwa mistari miwili.

Shaka kubwa ya kampuni kuendelea na biashara ina sehemu yake yenye kichwa chake, na sababu ya hati yenye shaka ina yake. Kwa asili yao hayo ni masuala muhimu, lakini hayaelezwi kwenye sehemu hii. Hapa utakuta rejea tu. Kwa hiyo usiishie kwenye masuala muhimu ukadhani umeona mabaya yote, kwa sababu mabaya zaidi yamekaa juu yake. Na mkaguzi akishindwa kabisa kutoa maoni, sehemu ya masuala muhimu haiwekwi, isipokuwa sheria imelazimisha, ili msomaji asidhani kuna kitu kilichothibitishwa.

Kuna hali ya kati inayostahiki jicho: kampuni ilikuwa karibu kushindwa, mkaguzi akafanya kazi kubwa, akaona shaka haikufikia kiwango cha kutangazwa. Hiyo inaweza kuwa suala muhimu, na ukiikuta isome mara mbili.

Yanapaswa kuwa mangapi?

Hakuna idadi iliyowekwa. Orodha ndefu inaua maana ya neno "muhimu", na hilo kiwango chenyewe kinalitahadharisha. Kampuni iliyoorodheshwa kutokuwa na hata moja ni jambo la nadra. Mkaguzi akifikia hapo lazima aandike wazi kwamba hakuna, ajadiliane na bodi juu ya hilo, na kumbukumbu ya sababu iwemo kwenye faili lake.

Benki yangu ina suala lile lile la mikopo kila mwaka. Wananakili?

Suala kurudi si kosa. Kukisia hasara tarajiwa ya mikopo ndiyo kazi ngumu ya kila mwaka kwa benki, na ingeshangaza ikikosekana. Kosa ni maneno kurudi bila kuguswa. Chukua ripoti ya mwaka jana na ya mwaka huu, ziweke sambamba usome sentensi kwa sentensi. Mikopo ya utalii ikiwa imepunguzwa mzigo kwa kuongezewa muda wa kulipa, au benki ikiwa imebadilisha njia yake ya kukisia, aya lazima iseme. Ikiwa kilichobadilika ni tarakimu ya jumla tu, ujue hapo palikosekana mawazo.

Na lile suala la pili la kampuni ya mfano, mfumo mpya?

Lilichaguliwa kwa sababu ya tukio, si makisio. Wakala wa utalii hulipa amana miezi kabla mgeni hajafika, na pesa hiyo si mapato hadi mgeni alale. Mfumo ulipobadilishwa mwezi wa Julai, katikati ya msimu, amana za maelfu ya wageni zilihamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Mkaguzi alilinganisha pande mbili za uhamisho na kufuata sampuli ya amana hadi tarehe mgeni alipoingia. Mwaka ujao, mfumo ukishatulia, suala hili halitakuwepo, na kuondoka kwake hakutakuwa dosari.

Nikienda mkutano mkuu, niulize nini?

Usiulize "mbona kuna masuala". Chukua suala moja na ushike sababu yake. Kwa mfano wetu: "Bwana Mwenyekiti, mkaguzi anasema hoteli ya Pemba imekosa makisio ya wageni miaka mitatu. Makisio ya mwaka huu yamebadilishwa wapi? Na ombi la kuongezewa muda wa ardhi limepelekwa lini?" Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa maneno ya jumla.

Ripoti ya ushirika wetu wa karafuu na ya kampuni ya familia haina sehemu hiyo. Kuna kitu kimefichwa?

Hapana. ISA 701 inazilazimisha kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa. Kwa wengine inatumika pale sheria inapotaka au mkaguzi anapoamua mwenyewe, na akiamua lazima aifuate yote. Wanachama mnaweza kumwomba wakati wa kumpa kazi, kabla ukaguzi haujaanza, maana kazi hii inaongeza saa na saa zinaongeza ada.